Sahani Yenye Shimo Katikati

Walimwita Digrii, na hawakumwita hivyo kwa heshima.

Kaka yangu aliishia kidato cha nne kama mimi. Chuo alikiona kwa nje, akipita. Lakini alifanya kazi miaka kumi na sita katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee, na huko kila kitu kilipimwa. Friji isizidi nyuzi tano. Chakula kilichopashwa kifike nyuzi sabini na tano, tena kila mahali, si pembeni tu. Yeye hakusema nyuzi, alisema digrii, kwa sababu ndivyo msimamizi wake alivyosema. Alikuwa na kipimajoto chembamba chenye ncha kama sindano, na alikichomeka kwenye mfuko wa shati pale ambapo walimu huchomeka kalamu. Ukimletea bakuli la mchuzi anakitumbukiza, anasubiri, anatikisa kichwa: "Bado. Digrii hamsini."

Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yetu, ndiye aliyembandika jina. Ilikuwa kwenye kikao cha familia, watu wamejaa sebuleni. "Watoto wa wenzetu wametundika digrii ukutani," alisema, "huyu wetu yake iko kwenye sufuria." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kaka naye alicheka. Kuanzia siku hiyo hata watoto wadogo walimwita Anko Digrii, na walipoulizwa kwa nini, walijibu kwamba amesoma sana.

Namwomba Mungu anisamehe, maana naandika nikiwa na hasira. Ni wiki ya sita tangu tumzike. Alianguka kazini asubuhi, akisukuma toroli la vyombo, na moyo wake ukasimama kabla gari la wagonjwa halijafika. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Msibani nilisikia watu wakimsifu mambo ambayo hakuwa nayo. Mmoja alisema alikuwa mchangamfu. Kaka hakuwa mchangamfu hata siku moja, alikuwa mtu wa kuchunguza vitu. Mwingine alisema alipenda watu. Alipenda wachache, na hao aliwapashia chakula vizuri. Nataka kueleza hilo la pili, kwa sababu ndilo lililowachekesha wengi, na mimi nilikuwepo.

Mwaka juzi mama aliugua saratani ya titi. Alikatwa, kisha akawekwa kwenye dawa ya dripu kila baada ya wiki tatu. Nesi wa kliniki alitukalisha mimi na kaka, akatuambia kwamba dawa ile inaua ugonjwa lakini inaangusha na askari wa mwili. Kuna siku mama angekuwa hana kinga kabisa, na kitu kidogo ambacho mimi na wewe kingetuumiza tumbo kwa saa chache, yeye kingeweza kumwondoa. Akataja chakula. Kilichopikwa sasa hivi ndicho bora. Kiporo kinaruhusiwa kama kimeingia kwenye friji mapema na kimepashwa chote, ndani na nje. Nilikuwa naandika kwenye daftari. Kaka hakuandika kitu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

Tuligawana kazi. Mimi ni karani wa shule, natoka alfajiri narudi jioni. Jioni tulipika pamoja, kaka akakitandaza chakula kwenye vyombo vipana ili kipoe upesi, kisha akakiingiza kwenye friji. Zamu yake ilikuwa inaisha saa saba mchana. Saa nane kasoro alikuwa nyumbani, na saa nane mama anakula.

Maikrowevu yetu ilikuwa ile ndogo yenye sahani ya kioo inayozunguka, mlango wake ukifungwa unalia kama mtu aliyekwazwa. Watu wengi hudhani maikrowevu ni jiko lililofichwa ndani ya sanduku. Unaweka, unabonyeza, linalia ting, unakula. Kaka alikuwa na dharau ya kimyakimya kwa watu wa ting. Alinieleza mara moja tu, tukiwa tumesimama mbele ya mashine. Yale mawimbi yanayopasha chakula yanagonga kuta za sanduku na kurudi, yanakutana yenyewe kwa yenyewe. Mahali pengine yanapeana nguvu, mahali pengine yanauana. Kwa hiyo ndani ya sanduku kuna sehemu kali na sehemu baridi. Kioo kinazungushwa ili chakula kipite kote kote.

"Sasa niambie," akasema, "kioo kikizunguka, katikati yake panakwenda wapi?"

Nikafikiri. "Hapaendi popote."

"Basi. Kama katikati pamekaa kwenye sehemu baridi, pataendelea kukaa hapo hapo, hata kioo kizunguke mpaka kesho. Tena mawimbi hayazami mbali. Yanaingia kama upana wa kidole kimoja au viwili, yanachoka. Ukirundika wali kama kichuguu, ndani ya kichuguu hakuna aliyefika."

Kwa hiyo alipakua kwa namna yake. Wali aliusukuma pembeni mwa sahani, ukazunguka kama pete, na katikati akaacha shimo jeupe. Nyama aliikata vipande vidogo. Alinyunyiza maji kijiko kimoja, akafunika na kifuniko cha plastiki chenye matundu, na sahani hakuiweka katikati ya kioo bali kando kidogo. Dakika mbili. Akaitoa, akageuza chakula, cha nje akakileta ndani na cha ndani akakipeleka nje, akaurudisha ule mduara na shimo lake. Dakika mbili nyingine. Kisha hakufunua. Aliiweka mezani imefunikwa vile vile dakika mbili, ili moto uliokuwa pembeni ujigawe. Hapo ndipo, siku nilizokuwa nyumbani, tulipoombea chakula. Kifuniko kiko juu, mama amefumba macho, kaka naye amefumba moja. Tukisema amina anafunua na kuchoma kipimajoto mahali pane, patano. Sabini na sita. Sabini na nane. Sabini na tano. "Haya mama, karibu. Lakini subiri kipoe kidogo."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa dripu mbili za kwanza. Kisha shangazi akaja kusaidia.

Alikuja na begi mbili na Biblia kubwa yenye zipu. Yeye ni mwenyekiti wa akina mama wa maombi, na kweli anajua kuomba, sitamnyima hilo. Akianza kuomba, mtu unaweza kukaanga yai likaiva. Alimkumbatia mama, akalia, akamwambia, "Wifi yangu, sasa nimefika, pumzika." Kisha akaingia jikoni kukagua, kama mkuu wa shule anayeingia bwenini.

Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili alimkuta kaka amesimama mbele ya maikrowevu, sahani mkononi. Mimi nilikuwa nimerudi mapema, siku hiyo ofisi ilifungwa mapema.

"Wewe baba," shangazi akaita, "hiki ni chakula au tairi?"

"Ni cha mama, shangazi."

"Naona ni cha mama. Nauliza, katikati pameliwa na nani?"

Kaka alijaribu kueleza mambo ya mawimbi. Shangazi alimsikiliza huku amekunja mikono, mdomo ameupeleka upande mmoja. Alipomaliza, akamwambia, "Mgonjwa anatakiwa aone sahani imejaa, moyo wake ujae. Wewe unamletea shimo. Shimo, mgonjwa wa saratani! Hata aibu huna?"

Mwanzo nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kisha tulipofumba macho kuomba, sahani ikiwa imefunikwa, yeye alinyoosha mkono na kufunua. "Chakula hakibarikiwi kwa kificho," alisema. "Mungu si mtu wa kupenyezewa vitu chini ya mfuniko." Mvuke wote ukatoka, ukapanda darini, na ombi likaanza. Lilikuwa refu. Lilipita kwa yatima, kwa wasafiri, kwa watu wa serikali. Lilipofika kwa mama, wali ulikuwa umeanza kukauka juu.

Jioni ile nilimsikia akiongea kwenye simu na baba mdogo. Hakushusha sauti. "Nakwambia mke wa kaka yetu analishwa tairi. Sahani ina shimo ungeweza kutumbukiza ngumi. Kijana wa kiume, ndugu yangu, kumnyima mama yake wali!"

Nilimwambia kaka. Akasema, "Muache aongee. Anayekula ni mama."

Lakini aliyepakua hakuwa yeye tena. Shangazi alikuwa amepata hoja, na hoja yake ilikuwa nzuri: mgonjwa hasubiri zamu ya mtu kuisha. Saa saba kamili, kabla kaka hajavua aproni kule kazini, shangazi alikuwa ameshapasha na mama ameshakula. Kaka alifika na kukuta sahani imeoshwa. Alimuuliza mama, "Kilikuwa moto?" Mama akajibu, "Kilikuwa kizuri, mwanangu." Kaka aliridhika na jibu hilo kwa siku nne, na ninaamini hakujisamehe siku hizo mpaka anakufa. Mtu aliyezoea kupima, aliridhika na neno kizuri.

Ilipofika Jumapili tulikuwa wote nyumbani. Baba mdogo alikuja baada ya ibada, na tai yake nyekundu, kuhakikisha kwa macho habari ya tairi. Shangazi alifurahi kupata hadhira. Alimtoa kaka jikoni kwa kumsukuma mgongoni, huku akisema mwanamume gani anashinda kati ya friji na sinki. Alichota wali wa jana, akaurundika katikati ya sahani, akaupigapiga kwa mgongo wa mwiko mpaka ukawa laini kama kuba. Juu akamwaga mchuzi wa kuku, na paja zima likalala kileleni. Kilikuwa chakula cha kupigwa picha. Akakiweka katikati ya kioo, bila kufunika, dakika tatu. Ting.

"Mnaona moshi huo?" akamwambia baba mdogo, akipita na sahani. "Moto huo. Si nilisema? Kitufe kimoja. Hata paka angeweza, kama angekuwa na kidole."

"Na wengine wamefanya kazi hiyo miaka kumi na minne," baba mdogo akasema. Wakacheka. Mimi niliangalia meza.

Tukainamisha vichwa. Shangazi akaanza kwa uumbaji wa dunia. Alipofika kwa wana wa Israeli nilifungua jicho, na nikamwona kaka amelifungua lake. Alinyoosha mkono taratibu, kama mtu anayetoa mbu kwenye shavu la mtoto aliyelala, akachoma kipimajoto pembeni mwa wali. Akanionyesha. Sabini na moja. Akakisukuma katikati, mpaka chini ya lile paja. Tulisubiri. Namba zilishuka, zikashuka, zikasimama. Ishirini na mbili. Yaani maji ya kuogea mtoto yalikuwa moto kuliko hapo.

"Amina," shangazi akasema, na akafumbua macho kwenye sindano iliyosimama katikati ya baraka zake.

"Umechoma nini humo!"

"Shangazi, ndani hakijapata moto."

"Umechoma chuma kwenye chakula kilichoombewa? Wewe una akili kweli?"

"Ishirini na mbili. Hiki ni kiporo cha jana, shangazi, na mama hana kinga wiki hii. Nikirudishe nikakigeuze, dakika tano tu."

Baba mdogo akaingilia, kwa sauti ya mtu wa busara. Alishauri kirudishwe dakika moja, amani ipatikane. Shangazi alikirudisha vile vile, bila kugusa kuba lake, akasimama mbele ya mashine akihesabu kwa sauti. Kaka akapima. Pembeni palifika themanini na nne, wali wa ukingoni ukawa mgumu kama punje za mchanga, na katikati palifika thelathini na moja. Dakika nzima ilikuwa imekwenda kwa waliokwisha kuwa na moto.

Ningependa kusema hapo ndipo shangazi alipoona haya. Watu wa namna yake hawaoni haya, wanaona wameonewa.

"Wifi," akamgeukia mama, "hebu sema wewe mwenyewe. Siku hizi nne chakula changu umekionaje?"

Sote tukamtazama mama. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, uso umekuwa mdogo. Kisha akasema, na hakumtazama kaka:

"Chakula cha wifi hakiniunguzi."

Kaka akauliza, "Vipi, mama?"

"Mdomo wangu una vidonda, mwanangu. Dawa hii imenichubua mpaka kooni. Chakula chako kina moto sana, nakisubiri mpaka hamu inakwisha. Cha wifi nachimba katikati. Pale pana uvuguvugu, panapita bila kuuma. Pembeni naacha."

Siku nne mama yetu alikuwa akiruka chakula kilichopashwa na kuchagua, kijiko kwa kijiko, pale pasipofikiwa na moto. Alikuwa akiutafuta ubaridi huo na kushukuru. Na hata sasa kijiko kilikuwa mkononi, kimeelekea pale pale.

"Umesikia?" shangazi akasema. Alikaa vizuri kwenye kiti. "Mgonjwa amesema. Digrii, umesikia?"

"Mama, uvuguvugu unaupata hata kwangu," kaka akasema. "Kifike moto chote kwanza, halafu tukipooze hapa mezani, unakula kikiwa hivyo hivyo."

"Kikiwa hivyo hivyo!" Shangazi akapiga makofi mara moja. "Haya, mtaalamu. Chako ukikipooza kitasoma ngapi?"

"Arobaini hivi."

"Na hiki changu nikikiongeza kidogo, katikati kitasoma ngapi?"

Hakumngoja kaka, akajijibu mwenyewe.

"Arobaini! Sasa nionyeshe kwenye hicho kidude chako, arobaini yako na arobaini yangu zina tofauti gani. Nionyeshe!"

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Na kweli, hakukuwa na cha kuonyesha. Kipimajoto kinasema chakula kiko wapi sasa, hakisemi kimetoka wapi. Kaka alikishika mkononi akakitazama kama mtu aliyekataliwa na shahidi wake mwenyewe. Mama alichota. Kijiko kilikuwa kimejaa wali wa katikati, umelowa mchuzi, hauna hata uzi mmoja wa mvuke.

"Mama, ngoja," kaka akasema. "Nikwambie kitu. Ukimaliza kunisikia, kula ukitaka."

Aliweka mikono yote miwili mezani. Alisema kwamba mwaka wake wa pili kazini kulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, aliyekuwa akimshonea vifungo bila kuombwa. Siku moja mzee alipelekwa kliniki, akakosa chakula cha mchana. Aliporudi saa tisa, kulikuwa na bakuli la mchuzi wa kuku kwenye friji, wa jana yake. Kaka ndiye aliyelitia kwenye maikrowevu. Lilikuwa bakuli la kina, limejaa. Pembeni mchuzi ulichemka ukatoa povu, naye akaridhika. Hakukoroga. Mzee hakuwa na meno, naye pia hakupenda moto, akala akifuata katikati. Akamshukuru. Akasema leo umenipa chakula cha kunifaa.

"Usiku alianza kuhara," kaka akasema. "Siku ya tatu wakampeleka hospitali. Hakurudi. Daktari alisema alikuwa na mambo mengi, moyo, figo, umri. Msimamizi aliniambia usijibebeshe. Lakini wale wawili waliokula mchuzi ule ule siku ya kwanza, ulipopikwa, hawakuumwa. Aliyeumwa ni yule niliyempashia mimi."

Akamgeukia mama.

"Arobaini ya kupoa ni chakula ambacho vijidudu vyake vimekufa, mama. Arobaini ya kutofika ni chakula ambacho vimeamka tu, vimepata joto la kuzaliana. Mdomoni ni kitu kimoja. Nilikuwa sijui, sasa najua. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote hapa nyumbani, hata huyu mdogo wangu."

Ni kweli, hakuwahi. Miaka kumi na miwili alikuwa ameificha siri hiyo, akavumilia sufuria na Digrii na sasa tairi, na angeweza kuendelea. Alimwaga yote mezani mbele ya mtu ambaye alijua fika atayaokota.

Shangazi aliyaokota papo hapo. "Kumbe!" alisema, akimtazama baba mdogo. "Kumbe aliua mtu! Na huyu ndiye tunayemwachia mgonjwa?"

Mama alirudisha kijiko kwenye sahani. Hakukitupa, alikilaza. Akaisukuma sahani mbele ya kaka kwa vidole viwili.

"Nenda kapashe, mwanangu. Nitasubiri."

"Kitachelewa kidogo, mama."

"Nimesema nitasubiri. Na paja hilo likate vipande."

Kaka hakukipasha kile. Alisema kimeshatiwa uvuguvugu mara mbili na kuombewa dakika nane mezani, hawezi kumpa mgonjwa mchezo huo. Alikitupa chote kwenye pipa, kuba na paja, mbele ya macho ya shangazi, ambaye alishika kifua kana kwamba ametupwa yeye. Akatoa bakuli jingine kwenye friji. Nilikwenda kumsaidia kukata nyama. Pete, maji kijiko kimoja, kifuniko, dakika mbili, kugeuza, dakika mbili. Alipima mahali sita. Kisha akahamishia chakula kwenye sahani safi pana, akakitandaza kiwe chembamba, na mama akakaa akikipepea kwa bahasha ya kliniki mpaka kikafika mahali ambapo vidonda vyake viliweza kukivumilia. Alikula nusu. Kwa siku zile nusu ilikuwa nyingi.

Shangazi aliondoka keshokutwa yake. Alisema hawezi kuishi katika nyumba ambayo chakula kilichobarikiwa kinatupwa. Hakutoka mikono mitupu, aliondoka na kitu alichokuja kukitafuta, yaani habari. Kabla ya mwezi kwisha hapakuwa na mtu wa ukoo asiyejua kwamba Digrii aliua mzee kwa mchuzi. Wengine waliongeza kwamba ndiyo maana hakupandishwa cheo. Nilikutana na mke wa binamu sokoni akaniuliza, kwa huruma nyingi, kama polisi waliwahi kuja. Hao ndio watu ambao wanaweka kuku wa jana kwenye maikrowevu, wanasikia ting, wanakula pembeni pakiwa panaunguza na katikati pakiwa jiwe, kisha tumbo likiwavuruga wanamtafuta jirani aliyewatazama vibaya.

Mama alimaliza dripu zote sita. Zote kwa tarehe zake. Hakuna hata moja iliyoahirishwa, na nesi alisema kwa wagonjwa wake wa mwaka ule wa umri wa mama hilo lilikuwa jambo adimu. Mwezi wa nne nywele zilianza kuota, laini na za kijivu kama manyoya ya kifaranga. Shangazi alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba alikwenda akakaa na wifi yake, akamwombea kila sahani, na Bwana akatenda. Kaka alikuwa benchi la pembeni. Alisema amina, tena kwa sauti. Nilimuuliza nje kwa nini. Akasema, "Si aliomba? Aliomba kweli." Mimi moyo huo sina. Namwomba Mungu anipe, lakini sina haraka.

Kisha mwezi uliopita tukamzika. Baada ya makaburini watu walikaa nyumbani, viti vimepangwa ukutani, na ndugu wakaanza kusimama mmoja mmoja kusema neno. Shangazi alisimama wa nne. Alijipangusa macho. Alisema marehemu alikuwa kama mwanawe, alimfundisha jikoni kwa mikono yake mwenyewe, lakini hakuna binadamu mkamilifu. "Wote mnajua kulikuwa na lile jambo la yule mzee wa watu," alisema. "Lilimsumbua sana mtoto wetu. Leo hatuko hapa kuhukumu. Tunamwomba Mungu amsamehe damu ile..."

Mama alikuwa ameketi kwenye godoro, amezungukwa na wanawake. Alijiinua kwa mkono mmoja, wanawake wakataka kumzuia, akawapita. Alisimama wima katikati ya chumba, mzima, kitambaa kimeanguka mabegani na kichwa chake kimejaa nywele.

"Wifi," alisema. "Nitazame."

Shangazi akamtazama.

"Umeniona?"

"Nimekuona, wifi."

"Haya. Kaa chini."

Akakaa.